Riba ya mkopo wa nyumba ilisahaulika kwenye ritani? Irekebishe hivi

Kwa Kenya, chukua mfano wa ritani ya kodi ya mapato ya 2023. Mwajiriwa amelipa riba ya Sh240,000 kwa benki, na nyumba anaishi mwenyewe, lakini hakuidai. Kikomo cha mwaka huo kilikuwa Sh300,000, kwa hiyo yote inakubalika. Akiwa kwenye kiwango cha asilimia 30, anarudishiwa Sh72,000.

Kwenye iTax fungua Returns, kisha File Amended Return. Ndani ya fomu ya Excel, aina ya ritani iwe Amended. Ritani mpya inafuta ile ya zamani yote, kwa hiyo jaza upya mshahara, PAYE na nafuu zote. Wengi hujaza riba peke yake, halafu hesabu inavurugika. P9 usiiguse, inabaki kama mwajiri alivyoitoa. Na usidai rejesho lote la mkopo, ni riba tu. Kiasi kiwe kile cha cheti cha benki.

Barua ya maelezo kwa afisa wa KRA iwe fupi, ana mafaili mengi:

"Naomba kurekebisha ritani ya 2023. Riba ya Sh240,000 iliyo kwenye cheti cha benki haikujumuishwa. Mapato na PAYE havijabadilika. Kodi inapungua kwa Sh72,000. Nimeambatisha cheti, P9 na risiti ya ritani ya kwanza."

Marekebisho yanayopunguza kodi husubiri idhini, na afisa anaweza kuyakataa vielelezo vikikosekana. Muda wa kurekebisha ni miaka mitano.