Jedwali lenye kingo tu

Siku hiyo mwalimu wetu wa takwimu alichora jedwali ubaoni, akajaza kingo zake na kuacha katikati peupe. X ilikuwa 0, 1 au 2, na uwezekano wa 0.25, 0.5 na 0.25. Y ilikuwa 0 au 1, nusu kwa nusu. Akasema, "Nipeni kovariansi."

Kalamu zilianza kukimbia. Wastani wa X ni 1 na wa Y ni 0.5, hayo kingo zinayatoa bila shida. Lakini kovariansi, kipimo cha jinsi X na Y zinavyobadilika pamoja, ni E(XY) − E(X)E(Y), E ikiwa ni wastani, na E(XY) inadaiwa kwenye vyumba vya ndani. Mwenzetu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, haipatikani."

Mwalimu akacheka, akaniita mbele nijaze. Alinipa habari: sarafu mbili zinarushwa, X ni idadi ya vichwa, Y ni 1 sarafu ya kwanza ikitoa kichwa. Nikaandika 0.25 kwenye vyumba (0,0), (1,0), (1,1) na (2,1), na 0 kwenye viwili vilivyobaki. Kutafuta E(XY) kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia, maana chumba chochote chenye sifuri upande wa X au Y hakichangii kitu: 1×1×0.25 + 2×1×0.25 = 0.75. Kovariansi ikawa 0.75 − 0.5 = 0.25. Variansi ya X ni 0.5, ya Y ni 0.25, ukigawa kovariansi kwa kipeuo cha pili cha zao la variansi hizo, korelesheni ni kama 0.71. (Kugawa kwa zao la variansi zenyewe bila kipeuo kungetoa 2, na korelesheni haivuki 1. Kipimo kizuri cha kujisahihisha.)

Kisha akafuta katikati tu, kingo zikabaki vilevile. Sasa Y ni 1 sarafu zikitofautiana. Kichwa kimoja maana yake zimetofautiana, kwa hiyo (1,1) ni 0.5, (0,0) na (2,0) ni 0.25 kila kimoja. E(XY) ni 0.5. Kovariansi: sifuri.

"Basi hazitegemeani," dada mmoja wa mstari wa mbele akasema.

"Nikikuambia X, utashindwa kuitaja Y?"

Akanyamaza. Hangeshindwa hata mara moja: X ikiwa 1, Y ni 1, vinginevyo ni 0. Mwalimu akagonga chumba (0,1). Kingo zilidai 0.25 × 0.5, yaani 0.125, kama vigeu havitegemeani. Ndani mlikuwa na 0. Chumba kimoja kisicholingana na zao la kingo zake kinatosha kuonyesha utegemezi. Kovariansi haikuuona kwa sababu inapima mwelekeo wa mstari, na hapa Y inapanda X ikitoka 0 kwenda 1, halafu inashuka kiasi kilekile ikienda 2.