Gololi, waya na maikromita moja: nilivyoamua kifaa kiende wapi

Ninafundisha fizikia katika kidato cha tano na cha sita, na maabara yetu ina maikromita moja tu iliyo nzima, pamoja na kalipa za venia zinazotosha kila kikundi. Muhula huu majaribio mawili yaliangukia wiki moja. La kwanza ni kutafuta densiti ya gololi ya chuma kwa kupima uzani wake na kipenyo chake. La pili ni kutafuta ukinzani mahsusi wa waya wa konstantani, ambapo mwanafunzi anahitaji eneo la mkato wa waya, yaani eneo la duara dogo sana. Ilinibidi niamue maikromita iende kwenye jaribio lipi.

Mwalimu mwenzangu alikuwa na jibu tayari. “Mwalimu, ujazo wa tufe una kipeo cha tatu,” aliniambia. “Kosa la nusu kipenyo linazidishwa mara tatu, na kwenye duara ni mara mbili tu. Maikromita iende kwenye gololi.” Hoja yake ina msingi, nami niliamua kuifuata kwa hesabu hadi mwisho kabla ya kugawa vifaa.

Nilianza na duara. Tuseme nusu kipenyo halisi ni r, na kipimo chetu kimezidi kwa kiasi kidogo Δr. Eneo linaloongezeka ni pete nyembamba inayolizunguka duara, na kwa kuwa pete hiyo ni nyembamba, eneo lake ni takriban mzingo mara unene, yaani 2πrΔr. Tukiligawa kwa eneo lote, πr², tunabaki na 2Δr/r. Kwenye tufe kinachoongezeka ni ganda jembamba, ambalo ujazo wake ni takriban eneo la uso mara unene, yaani 4πr²Δr. Tukigawa kwa (4/3)πr³, tunapata 3Δr/r. Ndiyo sababu asilimia ya kosa la nusu kipenyo huzidishwa kwa 2 katika eneo na kwa 3 katika ujazo. Ninapenda kuwaonyesha wanafunzi pete na ganda kabla ya kuwapa kanuni ya kutafuta chenyeko, kwa sababu wanaona kwa macho 2 na 3 zinatoka wapi.

Hapa kuna jambo ambalo huwatatiza wengi. Sisi hatupimi nusu kipenyo, tunapima kipenyo. Mwanafunzi hugawa kipenyo kwa 2 lakini huliacha kosa lilivyo, na hivyo asilimia yake inakuwa maradufu bila sababu. Kosa la milimita 0.05 kwenye kipenyo ni kosa la milimita 0.025 kwenye nusu kipenyo. Vyote viwili vinagawanywa kwa 2, na asilimia haibadiliki. Kwa hiyo ni salama kukokotoa asilimia ya kosa moja kwa moja kutoka kwenye kipenyo.

Baada ya hapo niliingiza namba za vifaa vyetu. Kalipa ya venia tuliyonayo inasoma hadi milimita 0.1, nami huchukua nusu ya kipimo hicho, milimita 0.05, kuwa kosa la usomaji. Gololi ilikuwa ya kipenyo cha milimita 12.7, na uzani wake gramu 8.38. Kosa la kipenyo ni 0.05 kwa 12.7, takriban asilimia 0.4, na kosa la ujazo ni mara tatu yake, asilimia 1.2. Densiti inatoka gramu 7.81 kwa kila sentimita ya ujazo, nayo inaweza kuwa popote kati ya 7.72 na 7.91. Kwa jaribio la shule, matokeo hayo yanatosha kabisa kutofautisha chuma na shaba nyeupe au alumini.

Waya ulikuwa na kipenyo cha milimita 0.376 kulingana na kibandiko cha kiwandani. Venia haiwezi kuona tarakimu hizo. Inasoma milimita 0.4. Kosa la 0.05 juu ya 0.4 ni asilimia 12.5, na kwenye eneo linakuwa asilimia 25. Hata tukitazama tofauti halisi peke yake, kati ya 0.4 na 0.376, kipimo kimezidi kwa asilimia 6.4, na eneo linazidi kwa asilimia 13.2. Waya wa mita moja ulikuwa na ukinzani wa omu 4.41, hivyo ukinzani mahsusi ungetoka 5.5 × 10⁻⁷ Ω·m, ilhali thamani ya konstantani kwenye majedwali ni 4.9 × 10⁻⁷ Ω·m. Tofauti yote hiyo inatoka kwenye kipenyo pekee.

Hivyo maikromita ilikwenda kwenye waya. Kizidishi cha 3 ni kikubwa kuliko 2, lakini kinachotangulia kizidishi ni uwiano wa kosa na kitu chenyewe, na waya ni mwembamba kuliko gololi zaidi ya mara thelathini.

Msomaji makini ataona kwamba mara mbili ya 6.4 ni 12.8, wala si 13.2. Salio hilo linatokana na kipeo cha pili cha kosa lenyewe, ambacho tunakiacha tunapochukulia pete kuwa nyembamba. Kosa likiwa asilimia 1 au 2, salio halionekani. Likifika asilimia 10, ujazo wa tufe unazidi kwa asilimia 33.1 ikiwa tumepima kwa kuzidisha, na unapungua kwa asilimia 27.1 ikiwa tumepima kwa kupunguza. Hapo kanuni ya kuzidisha kwa 3 haifai tena, na ni lazima kukokotoa kwa ukamilifu.

Hata kwa maikromita, kosa la milimita 0.005 kwenye waya huu ni asilimia 1.3, na eneo linabeba asilimia 2.7, zaidi ya ujazo wa gololi uliopimwa kwa venia. Pia maikromita yetu ilikuwa haifungi kwenye sifuri: taya zikigusana ilisoma milimita 0.02. Kwenye gololi hilo lingeleta asilimia 0.5 tu ya ujazo, lakini kwenye waya lingeleta karibu asilimia 11 ya eneo. Kurudia kipimo na kutafuta wastani hakuliondoi kosa la namna hii, kwa sababu kila usomaji unabeba 0.02 ile ile. Ni lazima itolewe kwenye kila usomaji.

Kwa vikundi vilivyobaki na venia, niliwaagiza wazungushe waya kwenye penseli mizunguko 20 iliyobanana, kisha wapime upana wa mizunguko yote. Walipata milimita 7.5, yaani 0.375 kwa kila mzunguko. Kosa la 0.05 sasa linagawanywa kwa 7.5, ni asilimia 0.7, na eneo linabeba asilimia 1.3 tu. Mizunguko ikiachana kidogo, kipimo kinazidi na kamwe hakipungui, hivyo niliwataka waikague dhidi ya mwanga kabla ya kupima.

Ili kuhakiki, tulipima uzani wa mita moja ya waya: gramu 0.99. Kwa densiti ya konstantani ya 8.9, eneo ni milimita za mraba 0.111, na mizunguko ilitoa 0.110. Njia ya mizani haizidishi kosa kwa 2, kwa sababu eneo linatoka kwenye uzani bila kupitia kipeo chochote, ila inahitaji mtu awe na uhakika kwamba waya hauna rangi ya kuhami.