Nilivyofundisha uokoaji wa ziwani kwenye uwanja wa mpira

Ninafundisha shule ya msingi Ukerewe. Wanafunzi wangu huchota maji, hufua na huoga Ziwa Victoria, na wengi hawajui kuogelea. Sikuwa na bwawa wala mtu wa kunisaidia kuwaangalia majini, kwa hiyo somo lote nililifanyia uwanjani.

Nilichora ukingo wa ziwa kwa majivu, nikasema hakuna mguu kuvuka mstari ule. Kwanza niliwaonyesha anavyoonekana mtu anayezama. Watoto walitarajia kelele na kupunga mikono. Mara nyingi hapigi kelele: kichwa kimeinamia nyuma, mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji chini, na akiitwa haitiki.

Kisha nikachukua wawili wenye maumbo yanayolingana. Mmoja alikaa upande wa ziwa na kushika ncha ya mti mrefu, mwenzake akashika ncha ya pili akiwa amesimama ukingoni. Nikamwambia wa ndani avute ghafla. Aliyesimama akavuka mstari papo hapo. Tukarudia akiwa amelala kifudifudi, miguu ameitanua, na rafiki amemshika vifundo vya miguu. Safari hii hakusogea.

"Ukiona bado unavutwa, achia mti," nikawaambia.

Binti mmoja wa darasa la sita akauliza, "Mwalimu, nikiachia si nimemuua?"

Nikamjibu kwamba akivutwa naye, hatabaki wa kukimbia kuita watu wazima wala wa kutafuta kitu kingine cha kumrushia. Hapo nilikaa muda mrefu kuliko penginepo, maana watoto hufa wakiwafuata ndugu zao majini.

Kwa aliye mbali tulitumia dumu la lita 5 lenye kifuniko, limefungwa kamba nyepesi ya plastiki, ile inayoelea. Kamba ya katani hulowa ikazama. Dumu tupu hupeperushwa na upepo, basi tukatia maji kama kikombe kimoja. Mrushaji anakanyaga mwisho wa kamba. Kuifunga kiunoni au mkononi nilikataza kabisa. Analirusha kwa chini, lipite bega la mwenzake na kuangukia nyuma yake, ili kamba imfikie mikononi. Waliolenga kichwa mara nyingi dumu liliwaangukia njiani. Huku akivuta taratibu anamwita kwa jina: "Juma, likumbatie dumu!"

Darasa la kwanza na la pili sikuwapa mti wala kamba. Kazi yao ni kupiga yowe na kukimbilia mwaloni kwa wavuvi kuita watu wazima.

Wazazi niliwaita kwa ajili ya hatua ya mwisho. Kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumkamua tumbo kunapoteza muda. Kama hapumui, anapuliziwa pumzi 5 mdomoni, kisha kifua kinabonyezwa. Hata akizinduka, apelekwe zahanati siku hiyohiyo, kwani maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.