Springi iliyokatikia upande wa ndani

Springi ya kurudishia ya mashine yangu ya kutoboa mabati ilikatika mara tatu. Waya wake, d, ni mm 5; kipenyo cha kati cha mizunguko, D, ni mm 25; mizunguko inayofanya kazi, n, ni 8; mzigo, F, ni N 900.

Nilikuwa nimetumia 8FD/πd³ nikapata mkazo wa mkato MPa 458, nikaridhika. Lakini kila ufa ulianzia upande wa ndani wa mzunguko, ukakata waya kwa mshazari. Hapo ndipo jibu lilipokuwa: waya uliopindwa hubeba mkazo mkubwa zaidi upande wa ndani, na fomula ile hailihesabu hilo. Kwa C = D/d = 5, kipengele cha Wahl, kinachozidishwa na mkazo ule ili kuurekebisha, ni:

```
K = (4C-1)/(4C-4) + 0.615/C = 1.31
```

Mkazo halisi ukawa MPa 600, unaojirudia kila kipigo.

Nilichukua waya wa mm 6, kipenyo cha mm 30. Mkazo, pamoja na K ileile, ulishuka hadi MPa 417. Ugumu, Gd⁴/8D³n, ambapo G ni moduli ya mkato ya chuma, niliutaka ubaki N 49 kwa milimita ili springi ibonyee mm 18 kama zamani, hivyo mizunguko ikawa 9.6. Gharama yake ni nafasi: ikibanwa kabisa sasa ina karibu mm 70 badala ya 50, nikalazimika kurefusha kishikilio.