Nusu kipenyo cha njia ya kikata kwenye hesi ya ndani ya M24

Hapa Chang'ombe, Dar es Salaam, hesi kubwa za ndani nazikata kwa kikata cha kuzunguka kwenye mashine ya CNC. Tapu ya M24 ikivunjika ndani ya kazi ghali, kuitoa ni shughuli nzito. Kikata ni chembamba kuliko tundu, hivyo hata kikivunjika unakitoa kwa urahisi. Kinachotaka umakini ni hesabu ya njia yake.

Mchoro wa kazi hii ulitoa kipenyo cha ndani cha hesi, 20.752, na pichi ya 3. Ncha ya kikata lakini inafika kwenye mzizi wa hesi, yaani kipenyo cha nje, kwa hiyo nilikirudisha kwanza: kwa hesi za milimita, ongeza pichi mara 1.0825.

```
D = 20.752 + 1.0825 x 3 = 24.000
R = (D - Dc) / 2 = (24 - 16) / 2 = 4.000
```

Dc ni kipenyo cha kikata, hapa milimita 16, na R ni nusu kipenyo cha njia yake.

Mafundi wengi hupotea kwenye ile 20.752. Tundu lenyewe limetobolewa kwa 21, na hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu daraja la 6H linaruhusu mpaka 21.252. Ukipima tundu na kuiingiza 21 kwenye fomula, R inakuwa 4.124 na hesi inapanuka kwa 0.248. Kipenyo cha katikati kimeachiwa 0.265 tu, kwa hiyo nafasi karibu yote imeliwa: geji ya kupita inaingia vizuri, na boliti inacheza. Tumia kipenyo cha ndani cha jedwali, usitumie cha tundu.

Jambo la pili ni mwendo. F inahesabiwa katikati ya kikata, huku makali yanatembea kwenye duara kubwa zaidi. Nilitaka makali yaende milimita 480 kwa dakika, basi 480 x (24 - 16) / 24 = 160. Ukiandika 480 yenyewe, kila jino linakula mara tatu ya kipimo chake, na ncha zake ndizo zinazovunjika kwanza.

Nikiwa katikati ya tundu, chini, na kikata chenye meno yanayofunika urefu wote wa hesi:

```
G91
G03 X4.0 Y0 Z0.75 I2.0 J0 F160
G03 X0 Y0 Z3.0 I-4.0 J0
G03 X-4.0 Y0 Z0.75 I-2.0 J0
G90
```

Mzunguko mmoja unapanda pichi moja. Kuingia na kutoka kunapanda robo pichi, kwa kuwa nusu duara ile ndogo inauzunguka mhimili wa tundu kwa robo tu.

Geji ya kupita ikigoma, kwanza rudia njia ileile bila kubadili namba, maana kikata hujipinda kikikwepa chuma na kuacha hesi nyembamba. Ikigoma tena, pima kikata: kikiwa 15.94, R ni 4.03. Baada ya hapo ongeza R kwa 0.02 kila mara, ukijua kipenyo kinaongezeka 0.04.