Nilivyozipata karatasi za barabara yetu kutoka kaunti

Barua niliyoiandikia kaunti yetu haikuuliza kwa nini barabara ya mtaani ni mbovu. Swali la namna hiyo hujibiwa kwa maneno matamu tu. Hapa Kenya, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakupa haki ya kupata habari ambazo ofisi inazo, kwa hiyo niliomba karatasi kwa majina yake: mkataba wa mkandarasi, orodha ya kazi na bei zake, cheti cha kukamilika kwa kazi, na hati za malipo. Nikataja barabara, wadi na mwaka wa fedha, asije mtu akadai hakuelewa ninachotaka.

Niliandika kwa Kiswahili, maana sheria inakubali Kiswahili au Kiingereza. Karani wa mapokezi aliisoma, akaniangalia juu ya miwani. "Sasa mzee, wewe unazitakia nini hizi?" Nikamwambia mimi ni raia, na Kifungu cha 35 cha Katiba hakidai sababu. Ada ya kuomba hakuna. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa nakala na kukufikishia. Sikuondoka pale mpaka nakala yangu ikapigwa muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo huna pa kuanzia kuhesabu siku.

Ofisa ana siku 21 za kujibu, na anaweza kuongeza siku zisizozidi 14, mara moja tu. Mimi sikujibiwa lolote. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani bado wanasubirishwa. Kisheria, kimya hicho kinahesabiwa kuwa ombi limekataliwa, na ukishakataliwa una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman. Nilipeleka malalamiko ya ukurasa mmoja na ile nakala yenye muhuri. Habari za vumbi na za bodaboda kutumbukia mtaroni sikuziweka. Hazikuwa kesi yangu.

Tume iliiandikia kaunti. Nilifuatilia, kukawa na njoo kesho nyingi, lakini karatasi zikaja, isipokuwa hati za malipo. Nadhani kaunti ilijua kwamba amri ya Tume isipokatiwa rufaa inaweza kupelekwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama hukumu ya mahakama.

Cheti kilikuwa na sahihi zote: kalvati tatu, zimewekwa. Barabarani ipo moja. Ombi langu la habari halikuweza kwenda mbali zaidi ya hapo, kwani lilikuwa la karatasi, si la kumrudisha mkandarasi kazini. Nilipiga picha pale kalvati mbili zilipopaswa kuwa, nikaambatisha cheti, nikampelekea mwakilishi wadi wetu na nakala kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Kalvati ya pili imeshawekwa. Ya tatu bado, na hati za malipo nimeziomba upya kwa barua yake yenyewe, yenye muhuri wake.