Siku moja maishani mwangu: kumsaka "nilimwambia" kwenye usaili

Saa 12 asubuhi. Naamka Shangani, Mtwara, na upepo wa bahari, kichwani nina watu watatu tu. Ni mwezi wa kumi. Minada ya korosho ikishaanza na malipo ya wakulima yakishaingia benki, duka letu la vifaa vya ujenzi linajaa watu wa bati, misumari na saruji. Bosi anataka mtu mmoja wa kaunta kabla foleni haijafika barabarani. Wasailiwa ni watatu, na kazi ya kuwachuja ni yangu na mhasibu wetu, mama mwenye miaka mingi kwenye hesabu kuliko mimi niliyonayo duniani.

Saa 1 na nusu. Chai kwa mama wa kona, na ming'oko ya kuchemsha kwenye sahani. Napitia maswali manne. Sikuyatunga kichwani. Wiki iliyopita niliwauliza wenzangu wa kaunta: nielezeni mteja mliyemhudumia vizuri sana mwaka huu, na mteja mliyemharibia. Likaja lile la mzee aliyelipia bati za geji 28 akapakiwa geji 30, ambazo ni nyembamba zaidi, akagundua akiwa ameshafika kijijini. Akarudi na bajaji nzima ya bati na hasira zake. Aliyekuwa kaunta siku hiyo alibishana naye kuhusu risiti kwa robo saa mbele za watu. Swali la kwanza limezaliwa hapo: "Nieleze mara moja mteja alipokujia na hasira. Ilikuwaje?" Njia hii ya kuanzia kwenye matukio halisi si yangu. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, aliiandika mwaka 1954 baada ya kuitumia kwa marubani wa jeshi. Mimi naitumia kwa wauza misumari.

Saa 3 kamili. Msailiwa wa kwanza ni kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Amewahi kuuza simu. Namuuliza swali la kwanza, anajibu bila kupumua: "Mimi huwa nampokea mteja kwa tabasamu, huwa namsikiliza, kwa sababu mteja ni mfalme."

Mhasibu anaitikia kwa kichwa. Mimi sijaandika hata neno moja. Kiswahili chetu kinamuumbua mtu kwenye kiambishi, ukikisikiliza vizuri. Akisema "huwa nafanya", anakueleza tabia anayoipenda, hajakueleza tukio. Akisema "ningemwambia", anawaza. Akisema "tulimhudumia", hujui kama yeye alikuwepo au alikuwa nyuma anakunywa soda. Akisema "akarudishiwa hela yake", mtendaji katoweka kabisa. Ninachokitafuta ni "nilimwambia", na baada yake maneno yenyewe. Simlaumu mtu kwa "tulifanya", maana huku kwetu kujitaja taja ni kukosa adabu. Ndiyo maana ni kazi yangu kumuuliza, si kazi yake kujisifu.

"Sawa kaka. Tuchukue siku moja tu. Mteja mmoja. Alikuja na tatizo gani?"

"Simu ilikuwa haichaji. Akawa anafoka sana. Tukamtuliza."

"Wewe mwenyewe ulimwambia nini, maneno uliyoyatumia?"

Kimya. "Nilimwambia asubiri bosi."

"Na bosi alipokuja, wewe ulikuwa wapi?"

"Niliendelea na wateja wengine."

"Mwisho wake yule mteja aliondokaje?"

"Hapo sijui, dada."

Hapo sasa naandika. Kwa maswali mafupi tu tumetoka kwa mteja mfalme, tumefika kwa mteja aliyeachiwa bosi na hakuna aliyejua alivyoondoka.

Kosa langu pia nilitaje. Kwenye swali la pili niliteleza nikamuuliza, "Kwa hiyo ulimsikiliza kwanza, sivyo?" Akasema ndiyo kabisa. Bila shaka! Nilimpa jibu mdomoni. Nimekata mstari kwenye karatasi, jibu hilo halipewi alama. Swali la kuchimba linatakiwa lianze na nini, nani, wapi, vipi, au "halafu?" Hilo la mwisho ni fupi na linafanya kazi kubwa kuliko yote.

Saa 4. Akitoka tu mlangoni, kila mmoja anaandika alama zake bila kuonana wala kusemezana. Kila swali lina alama 1 hadi 5, na maana yake imeandikwa mapema. Kwa mteja mwenye hasira, 1 ni aliyebishana, aliyemwacha mteja akaenda zake, au asiye na tukio lolote hata baada ya kuulizwa mara tatu. Alama 3 ni aliyesikiliza na kutatua kilichokuwa mikononi mwake. Alama 5 ni aliyeuliza kwanza kabla ya kutoa jibu, akasema wazi anachoweza na asichoweza, akafuatilia, halafu akabadilisha kitu ili kosa lisijirudie. Mbili na nne ni za walio katikati. Nimempa 2, na alasiri tulipofunua karatasi nikakuta mhasibu naye kampa 2. Alimwita bosi, hakubishana, lakini hakufuatilia. Jumla yake kwa maswali manne ni 10 kati ya 20.

Saa 4 na nusu. Wa pili ni baba mtu mzima, amefanya kazi za kaunta miaka mingi. Nampa shikamoo yake kabla ya karatasi. Kumchimba mtu wa umri huu kuna ugumu wake, maana "ulisema nini hasa?" kutoka kwa msichana inaweza kusikika kama polisi. Kwa hiyo naomba ruhusa mapema: "Mzee wangu, nitakurudisha nyuma mara nyingi. Si kwamba sikuamini, nataka kuiona picha." Akacheka, akafunguka. Visa vyake vina siku, vina maneno, vina mwisho. Tano, tano, nne.

Swali la nne likatukwamisha. "Nieleze siku ulipomkosea mteja wewe mwenyewe."

"Sijawahi."

"Hata kosa dogo, mzee. Chenji, mzigo, kauli."

"Mimi kazi yangu nyoofu. Wanaokosea ni hawa vijana."

Nikauliza kwa njia ya tatu: mteja gani alirudi kulalamika juu yako, hata kama unaona alikuonea? Akasema wateja siku hizi ni wakorofi. Basi. Alama 1.

Saa 7 mchana. Wali, samaki, na feni inayolia. Hatuongei kuhusu wasailiwa. Ni sharti langu, maana mhasibu akianza kusema "yule mzee yuko vizuri", wa mchana atapimwa kwa kulinganishwa na mzee badala ya kupimwa kwa karatasi.

Saa 8. Wa tatu ni dada mama lishe, anauza chakula karibu na soko la samaki. Anaongea chini chini, macho mezani. "Sijawahi kufanya kazi ya duka."

Usaili mwingi ungeishia hapo. Namwambia tukio si lazima liwe la duka, popote alipohudumia watu panatosha. Anawaza muda mrefu, na mimi namwacha awaze. Kumkatiza mtu anayekumbuka ni kumfukuza samaki.

"Kuna baba alisema nimempunja chenji. Alisema alinipa elfu kumi, mimi nimemrudishia ya elfu tano."

"Alisemaje?"

"Aliniita mwizi. Mbele ya wateja."

"Halafu?"

"Nikamwambia, baba kaa, tuhesabu wote."

"Mlihesabu vipi?"

Hapa mhasibu akainua kichwa. Dada anasema kila asubuhi anaanza na elfu nane ya chenji, na kila sahani ikitoka anatupia punje ya mahindi kwenye kikombe. Zilikuwa punje 11, sahani ni elfu mbili. Kwa hiyo kwenye kopo lake la hela ilitakiwa iwe elfu thelathini. Wakahesabu wakakuta elfu thelathini na tano.

"Ikawaje?"

"Nikampa elfu tano yake. Nikamwambia nimekosea mimi. Nikawaambia na wale waliosikia."

"Baada ya siku hiyo kuna kitu ulibadilisha?"

"Sasa hivi noti ya mtu naiweka juu ya meza, naibana na kijiko. Siiingizi kwenye kopo mpaka ameshika chenji yake."

Hakuna aliyemfundisha, lakini ndivyo keshia mzuri anavyofanya popote.

Saa 9. Tunafunua karatasi. Kwenye swali la kwanza mimi nimempa 5, mhasibu 2. Tofauti ikiwa mbili au zaidi hatugawanyi katikati. Kila mtu anasoma alichoandika, si anachohisi.

Mhasibu anasoma: "Sauti ndogo, hatazami mtu." Namuuliza, mama, hiyo iko kwenye maana ya alama ipi? Anapekua. Haipo. Anacheka, anakata. Kisha ananigeukia na kalamu yake nyekundu: "Na wewe mwanangu, tano inasema aliuliza kwanza. Huyu aliuliza nini?" Nasoma maandishi yangu. Hakumuuliza yule baba noti ilikuwaje wala alikula saa ngapi, alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Nilipendezwa na kijiko, nikapitiliza. Tumekubaliana 4, kwa kurudi kwenye karatasi. Jumla yake 14.

Sauti kweli inahitajika kaunta, mhasibu ana haki. Lakini kama tunaihitaji, ilitakiwa iwe na swali lake na alama zake kwa wote watatu. Msimu ujao tutaiweka.

Saa 10. Jaribio la mkono, dakika 15: andika ankara ya bati 20, kofia za bati na misumari, na umpigie hesabu mteja aliyelipa nusu. Usaili wa matukio haukuambii kama mtu anajua kuzidisha. Wote watatu wamepita, kijana haraka kuliko wenzake.

Saa 11. Bosi kwenye simu. Ameona jumla: mzee 15, dada 14.

"Sasa mbona mnaniletea mwenye kumi na nne?"

Namkumbusha sharti tuliloandika kabla ya usaili, naye akalisaini: mwenye 1 popote hapiti, hata jumla ikiwa kubwa. Tano za mzee haziwezi kulipia moja yake, kwa sababu siku bati za geji 30 zitakapopakiwa tena badala ya 28, anayesimama kaunta ndiye atakayemwambia mteja "nimekosea mimi" au "nyie wakorofi".

"Lakini mzee ana uzoefu."

"Anao. Na kwa uzoefu wote huo hajakiri kosa hata moja."

Ananyamaza kidogo. Kisha anauliza kama yule dada anajua kutofautisha geji.

Hajui. Nimemwambia siku tatu za mwanzo atakaa ghalani na vijana wa kupakia, ashike bati kwa mkono mpaka aijue 28 na 30 bila kusoma lebo. Jumatatu saa 1 asubuhi anaanza, na amenitumia ujumbe kuuliza kama aje na kikombe chake cha punje.